Ngoja Niongee na Shangazi

...na ya kutolea, usisahau ya kutolea, angesema hivyo bila hata kugeuka, mkono mmoja kwenye mwiko, na yeye Eliamini angejibu kama alivyojibu miaka yote, kwamba laki moja ni laki moja, ukimwahidi mtu laki moja unamtumia laki moja, anachokatwa akienda kuitoa kwa wakala ni shauri lake na kampuni ya simu, na Fransiska angecheka kile kicheko chake cha puani, Baba Hanna, mama yangu apande kutoka mgombani mpaka kwa wakala, aambiwe laki yake haifiki laki, unafikiri atasema imeliwa na kampuni ya simu? atasema imeliwa na mkwe... maziwa bado hayajachemka, yametulia kwenye sufuria, utandu umeanza kujikunja pembeni, moto ameuweka mdogo kwa sababu mtungi wa gesi uko mwishoni, na kwa sababu, kusema kweli, hana haraka ya kurudi sebuleni, sebuleni yuko Meitamei, mdogo wake, ameketi kwenye kochi chini ya picha ya harusi, maziwa haya kayaleta mwenyewe asubuhi hii kutoka Oldonyo Sambu kwenye dumu la mafuta ya kula, na anaongea, hajaacha kuongea tangu avue kofia, sauti inapita koridoni na kufika jikoni imechanika vipande, "...sisemi umtupe, lalashe, nani kasema umtupe, nasema tu tuongee kama watu wazima...", lalashe, ndugu yangu, neno la nyumbani, Meitamei hulitoa pale tu Kiswahili kinapoanza kuwa kidogo kwa jambo alilolibeba, na mkononi mwa Eliamini iko simu ndogo ya vitufe, kava lake limefungwa kwa raba ya kufungia noti, na kioo chake kinamwambia anatuma shilingi laki moja kwenda kwa Ndeshi, mama mkwe wake, Kibosho, aweke namba ya siri kuthibitisha, na kidole gumba kimesimama juu ya kitufe cha saba, hakibonyezi, hakiondoki.

Saba ilikuwa yake, ya Fransiska, saba na mbili, kisha tatu na tisa zake yeye, ndivyo walivyoiweka, Eliamini aligeuza uso ukutani mkewe akabonyeza mbili za kwanza, akampa simu, akageuza uso na yeye, kila mtu na nusu yake ya siri ili asiweze mmoja wao kutuma pesa ya ndugu peke yake, ilikuwa kazi ya kitoto na ilikuwa kazi ya kikubwa, na haikumaliza wiki, kwa sababu kidole cha mtu uliyelala naye miaka unakijua kinakwenda wapi hata ukiangalia ukuta, lakini Eliamini hakusema kwamba anazijua, na mkewe hakusema, wakaendelea kupokezana simu kila mshahara ulipoingia, wakigeuziana visogo hapa hapa jikoni, mpaka Februari, wodini, Fransiska alipomwita karibu akamnong'oneza, saba na mbili, na yeye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia jambo geni, mkewe akatabasamu kwa shida, acha uongo, umezijua tangu siku ya pili... "Kaka! Sukari weka ya kutosha, mimi si mgonjwa!" sawa, sawa, nasikia... na sasa nusu zote mbili ziko kwake, namba nzima, anaweza kutuma anachotaka kwa anayemtaka na hakuna anayegeuka ukutani, na hilo ndilo asilolizoea, kuliko kitanda, kuliko meza, kwamba hakuna kisogo cha mtu mwingine hapa.

Simu inaitwa Shangazi. Mtu asiyejua angecheka. Meitamei mwenyewe hajui mpaka leo, anajua kuna shangazi, anamwogopa, amewahi kumtumia salamu, na huyo shangazi alizaliwa jioni moja mezani, wanakula, Meitamei amepiga anataka hela ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, Eliamini ana tonge mdomoni na ana ile ndiyo ambayo humtoka kabla hajafikiri, ndiyo ya kifungua mimba, na Fransiska akamshika kiwiko akanong'ona, sema utaongea na shangazi kwanza, shangazi gani? yeyote, sema, akasema, ngoja niongee na shangazi, nitakupigia kesho, na upande wa pili akaitika, sawa kaka, kwa heshima, na kesho yake, baada ya kulala wakilifikiria, walimpa nusu ya alichoomba na hakuna aliyenuna, tangu hapo hakuna ndugu aliyepewa ndiyo ya papo hapo, wala hapana ya papo hapo, wote waliambiwa ngoja, na Oldonyo Sambu wakaamini shangazi ni Mchaga, mama mmoja mkali wa upande wa mke aliyeshika funguo za nyumba, na Kibosho wakaamini ni Mwarusha, dada wa marehemu baba yake, mwenye mkono mgumu kama ardhi ya kwao, kila upande ukamlaumu shangazi wa upande wa pili, na wao wawili katikati wakala chakula chao kwa amani... "...mahari tulimaliza, si ndiyo? Mbuzi niliwaswaga mimi kwa mkono huu mpaka kwenye lori, mmoja akanipiga pembe hapa, alama ninayo, sasa mtu akishamaliza na mwenzake akaenda kwa Bwana, si mlango unarudishwa taratibu, kwa heshima, siyo kwa kishindo, taratibu..." taratibu, anasema taratibu, na huyu ndiye aliyeingia kaburini kulisawazisha kwa koleo wakati vijana wote wamekaa pembeni wanashika simu, huyu ndiye aliyelala kwenye zulia hilo la sebuleni juma zima baada ya mazishi, anaamka kuchemsha maji ya kuoga, anamwita, kaka, oga, hawezi kumchukia, angekuwa mtu wa kuchukiwa ingekuwa rahisi.

Na wala haombi uchafu. Kijana wake amemaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri, kuna mtu Ngaramtoni ana pikipiki anatoa kwa mkataba, kila wiki unapeleka kiasi, mwaka na kitu pikipiki inakuwa yako, kinachotakiwa ni mtu wa kusimama nyuma ya hesabu ya wiki ikipungua, na Meitamei amekwisha kuipata fedha hiyo kichwani, ameipata Kibosho, ile nusu inayokwenda kwa mama yake Fransiska, "...ilikuwa haki yake wakati binti yake yupo, simkatalii mtu haki, ila sasa ni pesa ya nani? Ni ya kwako. Na wewe ni wa nani?..." swali zuri, Eliamini analijua lilivyokaa, amekuwa mthamini wa ardhi kwa miaka mingi, kazi yake ni kwenda kwenye kiwanja cha watu wanaogombana na kusema hiki kina thamani hii, mti huu na ule, ukuta huu, choo kile, na amejifunza kwamba watu wakigombania thamani mara nyingi wanagombania kitu kingine, na hapa pia, thamani ni laki moja na ya kutolea, lakini kinachogombaniwa ni kama ameoa au alikuwa ameoa.

Hawakuanza vizuri, hilo alikumbuke pia, marehemu wasigeuzwe malaika, mwaka ule Hanna anaingia darasa la kwanza ada ilipungua na kila mmoja alijua kwa nini imepungua kwa upande wake na akamtazama mwenzake kana kwamba ni kwa upande wa mwenzake, mpaka Jumapili ile, wametoka ibadani, yeye Kilutheri na mkewe misa yake, wamekutana nyumbani, simu ya Fransiska ikalia, ni Meitamei, shemeji, Mungu akubariki, mabati yamefika yote na kofia zake, na Fransiska anasema mabati gani? na kabla hajakata, simu ya Eliamini nayo, ni Ndesanjo, kaka yake Fransiska, shemeji, umeniokoa, lile duka lingefungwa, na Eliamini anasema duka gani? wakasimama sebuleni kila mmoja na simu sikioni, wakitazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye dirisha moja, hakuna aliyekuwa na haki ya kukasirika na wote walikasirika, siku tatu waliongea kupitia mtoto, mwambie mama chumvi, mwambie baba iko pale, na siku ya nne Eliamini alimfuata mkewe dukani kwake Levolosi, duka la rangi, akageuza ndoo tupu ya rangi akaikalia, naye akageuza yake, mlango wamerudisha nusu, na harufu ile ya tina ya kuyeyushia rangi machoni, wakaanza, na yeye akaanza vibaya, akasema tugawe kwa vichwa, kwetu baba aliacha wake wawili, kuna Yeyo, mama yangu, kuna mama mdogo, kuna watoto wa mama mdogo, kwenu mama yuko peke yake na kahawa yake na migomba, tukigawa kwa vichwa... na Fransiska akamtazama, mimi sikuolewa na vichwa, niliolewa na wewe, mama ni mama, mmoja kwako mmoja kwangu, sawa kwa sawa, Yeyo akitaka kumgawia mama mdogo atagawa mwenyewe, siyo sisi tumpangie, na yeye akasema basi kila mtu atume kutoka kwenye kipato chake, mimi mshahara wangu, wewe duka lako, na Fransiska akasema hapana kwa hilo pia, duka langu mwezi huu linacheka mwezi ujao linalia, sasa duka likilia mama yangu alale njaa na wa kwako ashibe, na tunakula meza moja? na hapo, juu ya ndoo ya rangi, mthamini wa ardhi alikubali kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi na ilikuwa mbaya.

Walichotengeneza kilikuwa hivi, hawakukiandika, Fransiska alisema kikiandikwa kitakuja kusomwa na watu ambao hawakuwa kwenye ndoo: kwanza nyumba, ada, chakula, akiba, hivyo haviguswi na kilio cha yeyote, kisha vipato viwili vinawekwa pamoja, cha duka kikadiriwe kwa chini siyo kwa juu, na katika kila mia, kumi na tano zinakwenda kwenye laini ya tatu, laini ya ndugu, ndiyo hii simu, nyingine yoyote haitoki, kutoka hapo laki kwa Yeyo na laki kwa mama Kibosho kila mwezi bila kuombwa, maana anayepewa bila kuomba haombi kwa kulia, kinachobaki kinakaa cha hospitali na msiba, siyo harusi, siyo simu mpya, na kikiisha kimeisha, hatuchoti akiba kukijaza, hatukopeshi ndugu, tunatoa au hatutoi, kwa sababu mkopo wa ndugu unakufa na ndugu anakufa nao, na la mwisho, lililokuwa la Fransiska, alilishikilia kuliko yote, mwenye ndugu ndiye anayekataa, Meitamei akikataliwa akataliwe na kinywa chako, nisije nikawa mimi Mchaga niliyemfunga kaka wa watu, na mama yangu akikataliwa akataliwe na mimi, nisikie uchungu wake mimi, siyo wewe, kila Januari tunakaa tena kwenye ndoo, duka likikua tunaongeza, likisinyaa tunapunguza, pande zote mbili kwa kipimo kile kile... likisinyaa tunapunguza... maziwa yametoa kipovu kimoja katikati, kimepasuka, kimya tena.

Likisinyaa tunapunguza. Duka limefungwa tangu Machi. Rangi zimeuzwa kwa jumla, zile ndoo hata hakuuliza nani amezichukua, fedha imewekwa kwa ajili ya chuo cha Hanna, Dodoma, haiguswi, kipato cha nyumba hii ni mshahara mmoja, na bado kila mwezi anaingiza kwenye Shangazi kile kile, laki tatu na sitini, kana kwamba duka limecheka, Machi, Aprili, Mei, Juni, na sasa Julai na baridi hii ya mlima, ile laki na ishirini ambayo ingetoka dukani anaitoa kwenye akiba, na ukiulizwa, Eliamini, mwenye shahada na kalamu nyekundu, kwa nini unatumia akiba kinyume na kanuni uliyoikalia ndoo mwenyewe, utasema nini? utasema ni heshima kwa mama mkwe, utasema wasije wakasema Fransiska alipokufa tu mkono ukafunga, maneno mazuri yote, lakini siyo hayo... ni kwamba maadamu fungu la duka linaingia, duka lipo, na maadamu duka lipo mtu yuko ndani yake, amekaa kwenye ndoo, ana alama ya rangi ya samawati kwenye kifundo cha mkono, anachanganya, anajaribia kwenye kipande cha ubao, anapuliza kikauke... amekuwa akimlipia mshahara. Ndicho alichokuwa akifanya. Kila mwezi anaiingiza hela ya mke wake aliyekufa kwenye simu ya mke wake aliyekufa, halafu anaituma kwa jina lake. "...mbona hujibu, kaka? Umelala huko?" "Nasikia, Meitamei. Maziwa." "Hayo maziwa yametoka kwenye ng'ombe yamechemka nusu, usiyaogope!" na anajicheka mwenyewe, kicheko cha marehemu baba, na kochi linalia chini yake.

Jina lake. Laini ilisajiliwa kwa jina la Fransiska kwa sababu siku ile Eliamini alisahau kitambulisho nyumbani, hivyo tu, jambo dogo, na ndiyo sababu Oldonyo Sambu kwa miaka yote hiyo ujumbe wa Yeyo ulikuja na jina la mkamwana, na Yeyo akawa anajisifu kanisani kwamba mwanawe ameoa Mchaga anayetoa, hilo nalo Fransiska alilifurahia kwa siri... na Kibosho ulikuja na jina la binti, na unakuja bado. Mama Ndeshi alipiga juzi. Alisalimia, shikamoo mama, marahaba baba, Hanna anaendeleaje, mvua hakuna, ndizi zipo, kisha akasema, baba, hiyo ya kila mwezi naipata, nashukuru sana, ila nikuambie kitu usichukie, simu ikilia nikiangalia naona jina lake, umepokea kutoka kwa Fransiska, basi nakaa chini pale pale mgombani, nakaa kidogo, halafu ndiyo naendelea na kazi, kila mwezi nakaa chini, na mimi sasa ni mzee, kukaa chini ni rahisi, kuinuka ndiyo taabu... na alivyosema neno taabu alicheka, puani, kicheko kile kile, Eliamini ilibidi aondoe simu sikioni, na alipoirudisha alimkuta anasema, na wewe uko peke yako sasa, mshahara mmoja, msalimie Shangazi, mwambie apunguze, asijinyime kwa ajili yangu.

Msalimie Shangazi. Neno hilo alilichukua kama alivyolichukua siku ya mazishi, Mama Ndeshi amekaa kwenye turubai, blanketi mabegani, vumbi la Oldonyo Sambu limempaka viatu, amesema tu, mwanangu mnamlaza pakavu hivi, bila kulaumu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kisha akauliza, huyo Shangazi yuko wapi, nimemletea kahawa, na yeye Eliamini, na simu hii hii ikiwa ndani ya mfuko wa koti la suti, alijibu hajafika, alidanganya mbele ya jeneza, akaona mama anamtazama muda mrefu kidogo kuliko swali lilivyohitaji, akampa yeye ile kahawa, mpe akifika, basi, na akaenda kaburini akapanda isale, lile jani ambalo kwao ni la kaburi na ni la kuomba radhi, kwenye udongo ule usiojua jani la namna hiyo... alikuwa anajua. Alijua siku ile. Mtoto wa kike angemficha mama yake jambo la kuchekesha kiasi hicho kwa miaka yote hiyo? asingeweza, angemwambia mwezi wa kwanza, wangecheka mpaka kahawa ianguke, mama, shangazi mwenyewe ni simu, usimwambie Baba Hanna kwamba unajua... kumbe alikuwa anauliza, pale kwenye turubai, siyo shangazi yuko wapi, alikuwa anauliza simu anayo nani sasa, nusu ya namba anayo nani, utakuwa unaongea na nani kabla ya kusema ndiyo, baba... na kahawa ile bado iko kabatini, haijafunguliwa, imeandikwa kwa kalamu kwenye mfuko, Shangazi.

"...na lile jani lenu, nilitaka kukwambia, limeshika!" sauti ya Meitamei imebadilika, imeshuka, hili hakulipanga, "kila jioni nalipelekea maji kwenye kopo, mbuzi walilila mara moja, nikaliwekea miiba, limetoa jipya sasa, mawili. Yule bibi aje alione." kisha, kama mtu anayerudi kwenye foleni, "Sasa hiyo habari ya pikipiki..." na Eliamini amefumba macho, amesimama jikoni kwake na macho amefumba, maana amekumbuka Machi, Meitamei alipoomba mara ya kwanza, kitu kidogo, na mdomo wake ukasema wenyewe kwa mazoea, ngoja niongee na Mama Hanna, na wakatazamana, na Meitamei ndiye aliyeinamisha kichwa, akasema basi kaka, iache, na alipoondoka Eliamini alikaa hapo mezani akaona jinsi alivyobaki, siyo kwamba hana wa kumsaidia kulipa, kulipa analipa, hana wa kumsaidia kukataa, na ndiyo yake ikibaki peke yake haina hata ladha, ni kama kusukuma mlango ambao hakuna mtu nyuma yake.

Sasa, taratibu, kama anavyosema Meitamei. Mwenye ndugu ndiye anayekataa. Meitamei ni ndugu yake, kumkataa ni kazi yake, iliwekwa kwake tangu kwenye ndoo, hakuna aliyeibeba hata siku moja kwa niaba yake, shangazi alikuwa anampa usiku mmoja tu wa kufikiri, kinywa kilikuwa chake. Na kumkataa Mama Ndeshi ni kazi ya nani? Ya Fransiska. Na Fransiska hakumkataa. Aliondoka bila kumkataa, haki ya kuufunga ule mlango ilikuwa yake mwenyewe na ameondoka nayo, haikuachwa kwa mume, haikuachwa kwa shemeji mwenye alama ya pembe, haiwezi kupigiwa hesabu ya pikipiki kwa sababu haimo mikononi mwa mtu yeyote aliyeketi katika nyumba hii, kama iko kwa yeyote basi iko kwa Hanna, mwenye damu zote mbili, na Hanna atakaporudi likizo atageuza ndoo, hata kama ni ya kufulia, na watakaa, na atamwambia kila kitu, na ataomba rai yake kama mtu mzima... hivyo kufunga hapana. Ila kupunguza, kupunguza walikwisha kukubaliana, wote wawili, likisinyaa, pande zote kwa kipimo kile kile, siyo Kibosho ipunguzwe Oldonyo Sambu ineemeke, mshahara wa milioni moja na laki sita, katika kila mia, kumi na tano, ni laki mbili na arobaini, kila mama anashuka kwa theluthi, elfu sitini na sita na mia sita na kitu, na anaisikia, hapo hapo, wazi kuliko sauti ya sebuleni, andika sabini, Baba Hanna, sitini na sita na vijisenti ni hela ya kumpa mtu? sabini kwa Yeyo, sabini kwa mama, inabaki laki ya hospitali na msiba, laki kamili, haipungui haizidi... imekaa. Hesabu imekaa kwa kosa la Fransiska la kukadiria kwa juu. Miaka yote alimsahihisha jambo hili na leo limekaa lenyewe. Na haitatoka kwenye Shangazi, itatoka kwenye simu yake, kwa jina lake, Eliamini, ili mama mgombani asome jina la mtu aliye hai na asiwe na sababu ya kukaa chini, au akikaa akae kwa kuchoka tu, na kwa Yeyo ataeleza mwenyewe, kwa mdomo, Jumapili, kwamba kimepungua kwa sababu tumepungua.

Kioo cha simu ndogo kimezima. Amebonyeza kitufe, kimewaka, kinasema muda umekwisha, aanze upya, ile laki haikwenda, namba ya siri haikuwekwa, saba haikubonyezwa, na ameifunga raba yake vizuri, ameirudisha kabatini karibu na sukari, juu ya mfuko wa kahawa wenye jina lake. Maziwa bado. Utandu umefunika sufuria yote sasa, unapumua, unainuka kidogo na kushuka, mlima dirishani haupo, kuna wingu tu, kama lilivyokuwa alipoingia. "Kaka, unakamua upya?" "Nakuja." "Maana kama jibu lako ni lile la siku zote, niambie nianze safari, ngoja niongee na shangazi..." na akacheka, na yeye karibu acheke, na maneno yenyewe yalikuwa yamefika mdomoni, yote matatu na jina, yamezoea njia, ngoja niongee na... ameyaacha yapite. Amevuta pumzi. Pikipiki ya mkataba siyo hospitali, siyo msiba, na mkopo hatutoi, na maji ya lile jani nakushukuru, Meitamei, sitakusahau kwa maji yale, lakini hapana, ndivyo atakavyosema, kwa mpangilio huo, shukrani kabla ya hapana au hapana kabla ya shukrani, Fransiska angejua ipi inatangulia... alilijaribu kwanza kwa sauti ya chini, pale pale jikoni, mgongo wake kwenye meza tupu, hapana, mdogo wangu, na lilikuwa neno jepesi kuliko alivyodhani, na fupi, na aligundua kwamba alikuwa amegeuza uso wake ukutani wakati analisema, kama ilivyokuwa desturi, ili mwenzake apate nafasi ya kuweka namba zake.